“Nilipofika nyumbani.” Kosa au mtindo?

Sentensi ya Kiswahili inaweza kuwa neno moja tu. “Nimeshiba.” ni sentensi kamili: mtenda yumo, wakati umo, tendo limo, na msikilizaji hana la kuuliza. Maneno kumi na saba nayo yanaweza kupangwa vizuri, yakaanzwa kwa herufi kubwa na kufungwa kwa nukta, na bado yasiwe sentensi: “Wanafunzi wote waliochelewa kufika shuleni siku ile ya Jumatatu kwa sababu ya mvua kubwa iliyonyesha usiku kucha.” Msomaji anafika kwenye nukta huku bado anangoja. Wanafunzi hao wamefanyaje? Walirudishwa nyumbani? Walisamehewa? Mwandishi ameshahamia jambo jingine.

Hicho ndicho kipande cha sentensi: maneno yaliyofungiwa nukta kabla hayajakamilisha kauli. Katika insha za wanafunzi vipande vya aina hii ni vingi, na kazi ngumu ya msahihishaji si kuviona bali kuviamulia. Kimoja kimetoka kwa mwanafunzi asiyejua sentensi inaishia wapi. Kingine kimetoka kwa mwanafunzi anayejua vizuri, akaikata makusudi ili msomaji ashtuke, atulie au asikie kitu. Kalamu nyekundu ikipita juu ya vyote viwili bila kubagua, wa kwanza hatajua amekosea wapi na wa pili ataacha kujaribu.

Darasani hufundishwa kwamba sentensi ina kiima na kiarifu. Fundisho hilo ni sahihi, ila mwanafunzi anayetafuta kiima kwa macho hupotea, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hutembea na kiima chake tumboni. Katika “nimeshiba”, kiima ni ile “ni-” ya mwanzo. Kwa hiyo sentensi isiyo na jina la mtu wala la kitu haijapungukiwa na chochote. Kinachopaswa kutafutwa ni kitenzi kikuu, yaani kitenzi kinachosimama chenyewe bila kuegemea kingine. Sentensi ya wanafunzi waliochelewa ina maneno matatu yanayofanana na vitenzi vikuu, na ndiyo maana inamdanganya mwandishi wake. “Waliochelewa” ina kirejeshi “-o-”, kwa hiyo kazi yake ni kueleza ni wanafunzi gani. “Iliyonyesha” ina “-yo-”, nayo inaeleza ni mvua gani. “Kufika” haina nafsi wala wakati. Yote matatu yanahudumia maneno mengine na hakuna linaloibeba sentensi. Ongeza “walirudishwa nyumbani” mwishoni, na kila neno linapata pa kukaa.

Viambishi vingine hufanya kazi hiyohiyo ya kukiegemeza kitenzi. “Nilipofika nyumbani” ina “-po-” ya wakati, “mvua ikinyesha” ina “-ki-” ya masharti au ya tendo linaloendelea, “ningekuwa na fedha” ina “-nge-”. Kila kimoja kimenyanyua mguu mmoja na kinangoja wa pili utue. Viunganishi navyo vina uwezo wa kukiangusha kitenzi kilichokuwa kimesimama vizuri. “Alikuwa mgonjwa” ni sentensi, lakini “ingawa alikuwa mgonjwa” ni nusu ya sentensi. Ndivyo ilivyo pia kwa “ili”, “huku”, “kwa sababu” na “mpaka”. Wanasarufi huziita sehemu hizi vishazi tegemezi, na jina hilo linajieleza.

Kabla ya kuuliza kama kipande ni kosa, ni lazima kuhakikisha kwamba ni kipande kweli, maana wasahihishaji wengi hupigia mstari sentensi zisizo na ila. Mfano wa kwanza ni “-ka-”. Wapo walimu wanaokata sentensi kama “Akanyamaza.” kwa hoja kwamba “-ka-” hutegemea tendo lililotangulia. Ni kweli inalitegemea, lakini kwa mpangilio wa matukio tu. Kisarufi kitenzi hicho kinajitosheleza, na wasimulizi wa hadithi wamekuwa wakianza na kumaliza sentensi nacho tangu zamani: akaja, akaketi, akanyamaza. Mwanafunzi anayeandika “Akanyamaza.” na kuweka nukta hajakosa kitu.

Mfano wa pili ni sentensi isiyo na kitenzi kabisa. Kiswahili huruhusu “ni” iachwe mahali inapoeleweka. “Hali mbaya.” “Huyu mwanangu.” “Damu nzito kuliko maji.” Hakuna anayesikia upungufu hapo. Ugumu upo kwenye maneno kama “mtoto mgonjwa”, yanayoweza kuwa kirai tu, kwa maana ya mtoto ambaye ni mgonjwa, au sentensi nzima inayosema kwamba mtoto anaumwa. Herufi zenyewe haziamui; kinachoamua ni jirani zake. Katika “Nikachungulia ndani. Mtoto mgonjwa, mama hoi, baba hayupo,” maneno hayo ni sentensi, kwa sababu yamepangwa pamoja na “baba hayupo”, ambayo haina shaka. Katika “Mtoto mgonjwa. Nilimpeleka zahanati,” msomaji hawezi kujua kama ameambiwa habari au ametajiwa jina tu.

Vihisishi navyo viachwe vilivyo. “Lahaula!” haina kiima wala kiarifu na haivihitaji. “Laiti ningalijua!” ina “-ngali-”, kiambishi ambacho kwa kawaida hudai nusu ya pili, lakini “laiti” imeigeuza kuwa majuto yaliyokamilika. Na anayeandika “Alitumbukia mtoni. Chubwi!” ametumia tanakali kama inavyosikika mdomoni.

Vikishaondolewa hivyo, vilivyobaki ni vipande kweli, na asili yake husaidia kuvielewa. Kimoja hutokana na pumzi. Mwanafunzi anaandika huku anajisomea kimoyomoyo. Sauti inapotua baada ya “Nilipofika nyumbani”, anaweka nukta mahali palipostahili mkato. Kingine hutokana na mazoea ya kujibu maswali. Mwalimu anauliza, “Kwa nini Juma alichelewa?” Jibu ni “Kwa sababu alipitiwa na usingizi,” nalo ni sahihi, maana swali limeshaishika nusu ya kwanza. Jibu hilohilo likihamishiwa ndani ya insha, ambako hakuna aliyeuliza, linabaki linaning’inia. Cha tatu, ambacho walimu wa shule za upili wanakijua sana, hutoka kwenye vidokezo. Mwanafunzi ameorodhesha hoja zake pembeni kabla ya kuandika: ukosefu wa ajira, mihadarati, malezi duni. Anapoziingiza kwenye insha anazihamisha zilivyo: “Kwanza, ukosefu wa ajira. Vijana wengi hawana kazi.” Hoja imetajwa, haijasemwa. Ukosefu wa ajira umefanya nini?

Kipande cha makusudi hakina asili hizo. Kinatoka kwa mwandishi aliyekwisha kumpa msomaji kila kitu anachohitaji ili akijazie mwenyewe. Hapo ndipo unapoweza kuanza uamuzi.

Jaribio la kwanza ni la mkato, na ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko yote. Nukta iliyo kabla ya kipande, au iliyo baada yake, inafutwa na mkato unawekwa, au pasiwekwe kitu kabisa. Sentensi ikisomeka vizuri na hakuna kilichopotea, nukta ile ilikuwa kosa. “Nilipofika nyumbani. Nilimkuta babu amelala” inakuwa “Nilipofika nyumbani, nilimkuta babu amelala”. Hakuna kilichopungua, kilichoondoka ni kigugumizi tu. Lakini ukikiunganisha kipande na jirani yake kisha ukaona umepoteza kitu, mshtuko au kimya au mwendo, basi nukta ilikuwa na kazi.

Jaribio la pili linaangalia kipande kinaegemea upande gani. Kipande cha mtindo karibu siku zote huegemea nyuma. Msomaji ameshapewa kitenzi, mtu na mahali, na kipande kinaongeza tone moja juu ya hayo. Kipande cha makosa mara nyingi huegemea mbele: kinaahidi jambo kisha kinafunga mlango. “Ingawa alikuwa mgonjwa.” inamfanya msomaji akae tayari kupokea kitu ambacho hakiji. Zipo nyakati ambapo ahadi hiyo huvunjwa kwa makusudi. Katika uhakiki wa fasihi mbinu hiyo huitwa mdokezo, na aghalabu huandikwa kwa nukta za dukuduku: “Asiyesikia la mkuu…” Kila anayejua Kiswahili anaimalizia kichwani kwa “huvunjika guu”, na mwandishi amepata alichotaka bila kukiandika. Zile nukta tatu ni ushahidi kwamba anajua sentensi haijaisha. Nukta moja haitoi ushahidi huo.

Jaribio la tatu linatazama insha nzima. Mwanafunzi ambaye kurasa zake zimejaa sentensi changamano zilizotulia, “-po-” zake zote zimefuatwa na kishazi huru, mikato imekaa mahali pake, akiandika kipande kimoja pale kisa kinapopamba moto anastahili kuaminiwa. Mwenye vipande kila aya, vingi vikiwa vya umbo moja, hana mtindo. Ana pengo moja la sarufi linalojirudia, nalo linafundishika kwa somo moja.

Majaribio haya huonekana vizuri zaidi yakitumika. Aya ifuatayo imebuniwa, lakini hakuna kilichomo ambacho msahihishaji wa insha za masimulizi hajawahi kukutana nacho:

“Nilipofika kwenye lango la hospitali. Watu walikuwa wamejaa, wengine wameketi chini, wengine wamesimama. Mlinzi mmoja mrefu aliyevaa koti jeusi lililofika magotini. Nilimwuliza wodi ya akina mama iko wapi. Akaninyoshea kidole bila kusema neno. Nikakimbia. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mlangoni nikamkuta shangazi, macho mekundu. Kwa sababu alikuwa amelia usiku kucha. ‘Mama?’ nikauliza. Kimya. Huku akinishika mkono na kunivuta ndani.”

Kipande cha kwanza ni “Nilipofika kwenye lango la hospitali.” Kinaegemea mbele, na kishazi huru kinachokingoja kipo hapohapo baada ya nukta. Mkato unamaliza kazi: “Nilipofika kwenye lango la hospitali, watu walikuwa wamejaa.” Ni kosa la uakifishaji, na halina utetezi.

“Mlinzi mmoja mrefu aliyevaa koti jeusi lililofika magotini” ni kigumu zaidi. Hakuna kitenzi kikuu. “Aliyevaa” na “lililofika” ni virejeshi vyote viwili. Mtetezi wa mwanafunzi anaweza kusema kwamba hii ni taswira: jicho la msimulizi limetua juu ya mlinzi, na sentensi imetua nalo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama aya ingekuwa inapita juu ya vitu kimoja baada ya kingine, mlinzi, machela, ndoo ya maji, kila kimoja na nukta yake. Hapa mlinzi yuko peke yake, na sentensi inayofuata inamhitaji kama mtu aliyekwisha kuingizwa kwenye kisa: “Nilimwuliza”. Mkato hausaidii, kwa kuwa ukiuweka unapata “Mlinzi mmoja mrefu aliyevaa koti jeusi lililofika magotini, nilimwuliza”, ambayo inayumba. Kinachokosekana ni kitenzi, mathalani “alikuwa amesimama kando”, au sentensi mbili ziunganishwe: “Nilimwuliza mlinzi mmoja mrefu aliyevaa koti jeusi lililofika magotini wodi ya akina mama iko wapi.” Uamuzi: kosa, tena la sarufi, kwa kuwa neno linalohitajika limeachwa. Lakini msahihishaji mwingine makini angeweza kulipitisha, na hangestahili lawama.

“Nikakimbia.” ni sentensi kamili. Kinachofuata ndicho kipande bora katika aya nzima: “Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.” Kitenzi hakipo, lakini msomaji amekibeba kutoka sentensi iliyotangulia, bado yumo mbioni. Ukiunganisha kwa mikato, “nikakimbia ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu”, unapata hesabu. Nukta zinatoa pumzi inayokatika kwenye kila ghorofa. Upatanisho wa kisarufi nao umeshika kamba isikatike. “Ya” inarudi kwa “ghorofa” bila ghorofa kutajwa tena, na msomaji haulizi ya pili ya nini. Kiswahili kina nafasi kubwa hapa, kwa sababu ngeli hukifunga kipande kwa jina lake hata jina likiwa mbali. Lakini kwa sababu hiyohiyo kosa la ngeli ndani ya kipande huonekana mara moja. Mwanafunzi angeandika “Wa pili. Wa tatu,” kamba ingekatika, na kile kilichokuwa mtindo kingekuwa kosa mara mbili.

“Macho mekundu” imekuja baada ya mkato, ndani ya sentensi yenye kitenzi chake, kwa hiyo si ya kujadiliwa. “Kwa sababu alikuwa amelia usiku kucha.” ni ya kujadiliwa, na mjadala ni mfupi. Hakuna swali lililoulizwa. Ukifuta nukta, “macho mekundu kwa sababu alikuwa amelia usiku kucha” inasomeka bila kupoteza kitu. Nukta ile inaleta hasara, maana anayeanza sentensi kwa “kwa sababu” humfanya msomaji atarajie tokeo lake mbele. Anayesoma kwa haraka atadhani linakuja, atakutana na “Mama?”, kisha atalazimika kurudi nyuma. Kosa.

“‘Mama?’” ni mazungumzo, na watu huzungumza kwa vipande. “Kimya.” ni neno moja, lisilo na kitenzi, mahali ambapo sentensi ndefu ingeharibu kila kitu. Mwanafunzi angeweza kuandika “Kukawa kimya” na asilaumiwe, lakini “kukawa” ingeingiza sauti ya msimulizi kati ya swali na kutojibiwa kwake. Kipande hiki kinapita, na kinastahili alama ya kusifia ubunifu.

Mwisho kabisa, “Huku akinishika mkono na kunivuta ndani.” Kwa sikio kinavutia, na riwaya nyingi za mapenzi hufunga sura kwa sentensi za namna hii. Tatizo lake ni kwamba “huku” pamoja na “-ki-” hueleza tendo linaloandamana na tendo jingine, na hapa tendo jingine halipo. Nyuma yake kuna “Kimya”, neno ambalo halina mtenda wala kitenzi. Kipande kimeegemea kipande. Kingekuwa “Shangazi hakujibu. Huku akinishika mkono…”, jaribio la mkato lingekirudisha mahali pake kirahisi. Kama kilivyo, kinahitaji kuandikwa upya: “Akanishika mkono na kunivuta ndani.” Neno moja limebadilishwa umbo, “huku” limeondoka, na sentensi imesimama. Katika aya nzima, basi, kuna makosa manne, na vipande viwili, kile cha ghorofa na kile cha kimya, ambavyo kalamu nyekundu haina haki ya kuvigusa.

Aina ya insha hubadili mizani. Masimulizi yana nafasi kubwa, na mazungumzo yana nafasi kubwa zaidi. Hotuba nayo huvumilia kipande, kwa sababu msemaji ana watu mbele yake: “Ukame. Njaa. Magonjwa. Haya ndiyo tuliyorithi.” Katika insha ya hoja nafasi ni finyu. Kinachopita bila ubishi ni jibu la swali la balagha, “Kwa nini vijana hukimbilia mijini? Kwa sababu vijijini hakuna kazi,” kwa kuwa mwandishi ameuliza mwenyewe na nusu ya kwanza iko wazi. Wapo wanaolikataa hata hilo, lakini kulikataa ni kudai ukamilifu ambao lugha yenyewe haidai.

Barua rasmi haina nafasi kabisa, na ajabu ni kwamba humo ndimo vipande huvaa mavazi ya heshima kuliko kwingine. “Kuhusiana na tangazo lako la kazi lililotolewa gazetini.” Nukta. “Nikitarajia jibu lako la haraka.” Nukta. Sentensi zote mbili zina sauti ya ofisi, na zote mbili hazijasema kitu. Ya kwanza inangoja “ninaomba nafasi ya…”, ya pili inarekebishika kwa kuondoa “-ki-”: “Natarajia jibu lako.” Wanafunzi huzikariri kama zilivyo kutoka kwenye barua za wenzao, na kosa linarithishwa mwaka hadi mwaka.

Vichwa ni habari nyingine. Mada ya barua rasmi, inayotanguliwa na “YAH:” huko Tanzania na mara nyingi “KUH:” huko Kenya, si sentensi na haitakiwi kuwa sentensi. Kumbukumbu za mkutano nazo zina vichwa kama “Waliohudhuria”, kitenzi chenye kirejeshi kinachosimama peke yake bila aibu yoyote, kwa sababu orodha ya majina iliyo chini yake ndiyo inayokikamilisha. Kosa huanza kichwa kinapowekewa nukta na kuingizwa katikati ya aya.

Kwenye mtihani muktadha hubana zaidi. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, mtahiniwa huandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja isiyopungua maneno 400 na yenye alama 20. Msahihishaji huangalia sarufi na tahajia pamoja na maudhui, mtindo na msamiati, na katika sarufi huhesabiwa uakifishaji mbaya pamoja na kuacha neno linalohitajika. Makosa yote manne ya aya iliyotangulia yanaangukia humo: vishazi vilivyotenganishwa na nukta viko chini ya uakifishaji, mlinzi asiye na kitenzi yuko chini ya neno lililoachwa, na kipande cha “huku” kinagusa vyote viwili. Mtahiniwa naye hayupo kuulizwa alikusudia nini, kwa hiyo ukurasa ndio shahidi pekee. Hapo jaribio la tatu, lile la kutazama insha nzima, lina uzito kuliko darasani, na mwanafunzi mwenye akili hujiwekea akiba: huonyesha kwanza kwamba anazimudu sentensi ndefu, ndipo akate moja.

Darasani kuna njia fupi zaidi. Mwanafunzi anaombwa asome kipande chake kwa sauti kisha aseme kinachokosekana. Akijibu palepale, “nilikimbia ghorofa ya kwanza, nikakimbia ya pili”, na akaeleza kwa nini alikiacha, uamuzi umekwisha. Akikitazama na kusema kwamba hakikosi kitu, basi somo la vishazi bado halijamfikia, hata kama kipande chenyewe kinapendeza. Pembeni mwa kipande kilichokosewa, mstari mwekundu peke yake haumwelezi kitu. Swali fupi linafaa zaidi: “Ulipofika, nini kilitokea?” au “Mlinzi alifanya nini?” Mwanafunzi akilijibu swali hilo kwa maandishi, ameshaikamilisha sentensi yake.

Utetezi ambao kila mwalimu ameusikia ni kwamba waandishi wa riwaya wanafanya hivyo. Ni kweli, katika riwaya teule zinazosomwa shuleni vipande vimejaa. Njia nzuri ya kuujibu utetezi huo ni kufungua ukurasa wenyewe na kukipima kipande cha mwandishi kwa majaribio yaleyale. Mara nyingi kitaonekana kinaegemea nyuma, na mkato ukiwekwa kitapoteza kitu. Na kisipofaulu, si vibaya mwanafunzi akajua kwamba hata kitabu kilichochapishwa kinaweza kuwa na nukta iliyowahi.

Vinabaki vile ambavyo majaribio hayavimalizi. Insha inaisha hivi: “Baba aliondoka alfajiri. Bila kuaga.” Ukiweka mkato au ukaondoa alama kabisa, “Baba aliondoka alfajiri bila kuaga”, sarufi inatulia na habari ni ileile. Kilichopotea ni uzito tu, na uzito hauna kipimo. Kama insha yote ilikuwa juu ya baba ambaye hakuwahi kusema kwaheri, maneno hayo mawili ndiyo insha yenyewe, na nukta iliyoyatenga iko mahali pake. Kama baba ametajwa kwa mara ya kwanza katika sentensi hiyo, na insha ilikuwa juu ya safari ya kwenda Mombasa, nukta ile imemponyoka mwandishi. Maneno ni yaleyale, alama ni zilezile, na msahihishaji hana njia ila kurudi ukurasa wa kwanza na kusoma tena.